Upigaji filamu kwa droni ndogo

Upigaji filamu kwa droni ndogo ni kazi ya kurekodi video kutoka angani kwa kutumia chombo chepesi kisicho na rubani ndani yake, kinachoongozwa na mtu aliye chini kwa rimoti. Droni nyingi za kazi hii zina propela nne, kamera inayotulizwa na kishikizo chenye mota ndogo, na kipokezi cha GPS kinachoiwezesha kusimama mahali pamoja hewani. Uzito wake kwa kawaida ni kati ya gramu 250 na kilo moja.

Kabla ya kurusha, mpigaji huchunguza mambo matatu: sheria za mahali, faragha ya watu watakaoonekana, na usalama wa mruko wenyewe. Mambo hayo hayatenganishwi na uchaguzi wa shoti, kwa sababu kila shoti huamua droni itapita wapi na kamera itaona nini. Makala hii inaeleza uhusiano huo kwa kutumia mfano wa Mji wa Kale wa Lamu, nchini Kenya.

## Sheria za mahali

Hakuna sheria moja ya droni kwa dunia nzima. Nchini Kenya msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA), na kanuni zinazotumika zilitolewa mwaka 2020. Chini ya kanuni hizo droni husajiliwa, na kuiingiza nchini kunahitaji kibali cha mamlaka hiyo. Mgeni anayefika uwanja wa ndege na droni bila kibali huweza kuzuiliwa chombo chake na forodha.

Kanuni zinaweka kikomo cha futi 400 juu ya ardhi, yaani takriban mita 120. Zinataka pia droni ikae umbali wa mita 50 kwa usawa kutoka kwa watu, magari na majengo yasiyohusika na kazi inayofanyika. Maeneo ya kijeshi na mitambo muhimu ya taifa hayarukiwi bila idhini, na viwanja vya ndege vimezungukwa na eneo la kilomita kadhaa ambalo ndani yake kibali maalumu kinahitajika.

Kosa moja hutokea mara nyingi kuhusu uzito. Watu wengi wamesikia kwamba droni ya chini ya gramu 250 haihitaji usajili. Kipimo hicho ni cha nchi nyingine. Nchini Marekani kinamhusu anayerusha kwa burudani tu. Katika Umoja wa Ulaya, mwendeshaji wa droni yenye kamera hujisajili hata kama chombo chake ni chepesi kuliko gramu 250, isipokuwa kama ni kifaa cha kuchezea watoto. Katika nchi za Afrika Mashariki kila mamlaka ina utaratibu wake. Kibali cha Kenya hakitumiki Tanzania, ambako msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) na ambako idhini ya upande wa ulinzi huhitajika pia.

Kibali cha anga si kibali cha mahali. Hifadhi za wanyama, magofu na majengo ya makumbusho yana wasimamizi wao, nao wanaweza kukataa hata kama mamlaka ya anga imekubali. Filamu ya kibiashara nchini Kenya huhitaji pia leseni ya upigaji filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani.

### Hali ya Lamu

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Upo upande wa mashariki wa kisiwa cha Lamu, ukitazamana na kisiwa cha Manda, na kati yao umepita mkondo wa bahari. Uwanja wa ndege unaohudumia mji uko Manda, safari fupi ya boti kutoka gatini. Kwa hiyo mtu anayesimama ufukweni Lamu yuko karibu sana na njia ya ndege zinazotua na kupaa, hata kama haoni uwanja wenyewe. Aidha, eneo hilo lina ulinzi mkali: kambi ya kijeshi iliyoko Manda Bay ilishambuliwa Januari 2020. Droni isiyojulikana hapo haichukuliwi kama mchezo.

Sharti la mita 50 nalo lina uzito wake Lamu. Nyumba za mji huo zimebanana, na vichochoro vingi ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Hakuna mahali juu ya mji ambapo droni inaweza kuwa mbali kwa mita 50 na kila nyumba na kila mpita njia. Kwa mpigaji asiye na idhini ya pekee, jibu la sheria ni kwamba mji hupigwa kutoka kando, juu ya maji, bila kupita juu yake.

## Faragha

Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, na kwa mtoto idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Sheria hiyo haigusi matumizi ya mtu binafsi ya nyumbani, lakini mtu akitangaza video hadharani au akiiuza, hali inabadilika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kanuni za droni za Kenya nazo zinamtaka mwenye droni yenye kamera aitumie kwa namna inayoheshimu faragha ya watu na mali zao.

Nyumba ya mawe ya Kiswahili inaonyesha kwa nini jambo hili ni tofauti na upigaji picha wa barabarani. Nyumba hiyo imejengwa kutazama ndani. Mgeni hupokewa kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe. Mlango hufuatwa na njia iliyopindishwa ili anayepita nje asione ndani hata ukiwa wazi. Katikati kuna kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, ambako familia hupata hewa na mwanga. Kuta zote hizo zinazuia jicho la mtu anayetembea chini. Hakuna ukuta unaozuia jicho lililo juu. Mwanamke aliyeketi kiwandani bila buibui, au anayeanika nguo juu ya paa, hajajianika hadharani. Yuko ndani ya nyumba yake.

Ukubwa wa eneo linaloonekana unaweza kukadiriwa. Lenzi ya kawaida ya droni ndogo, ikitazama chini wima, huona upana wa takriban mara moja na nusu ya urefu iliko. Kutoka mita 60, fremu ya video inafunika karibu mita 90 kwa 50. Katika mji kama Lamu eneo hilo lina nyumba nyingi, na viwanda vyake vyote vimo ndani ya picha. Video ya 4K ina pikseli 3840 kwa upana, hivyo kila mita moja ya ardhi inapata pikseli zaidi ya 40. Uso hautambuliki kwa kiwango hicho, lakini mtu, mavazi yake na anachokifanya huonekana. Jirani hahitaji uso ili ajue ni nani, kwa sababu anajua ua huo ni wa nani.

Ndiyo maana hoja ya "nilikuwa juu sana" haitoshi. Kinachopunguza madhara zaidi ni mwelekeo wa kamera. Kamera iliyo mita 25 juu ya maji ikitazama mji kwa usawa huona kuta za mbele, madirisha na gati, vitu ambavyo mtu aliye kwenye boti huviona pia. Kamera hiyo hiyo ikipandishwa hadi mita 80 na kuinamishwa huanza kuona ndani ya nyua.

Kuwaarifu watu mapema ni sehemu ya kazi. Katika mtaa wa Kiswahili huanzwa na wazee wa mtaa na wasimamizi wa msikiti ulio karibu, wakaelezwa siku, saa na kitu kitakachopigwa. Nyakati za swala na siku ya mazishi huepukwa. Sauti ya propela husikika hata droni isipoonekana, na asiyejua inatoka wapi hudhani anapelelezwa.

## Usalama wa mruko

### Upepo na betri

Pwani ya Afrika Mashariki hutawaliwa na pepo mbili: kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini-mashariki takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, unaovuma kutoka kusini takriban kuanzia Aprili hadi Septemba na ambao kwa kawaida ni mkali zaidi. Droni nyingi nyepesi hustahimili upepo wa karibu mita 10 kwa sekunde. Upepo juu ya maji na juu ya mapaa huwa na nguvu kuliko ule unaosikika ufukweni, hasa anaporusha mtu aliyekingwa na ukuta au minazi.

Hatari kubwa hutokana na safari ya kurudi. Tuseme droni ina mwendo wa mita 10 kwa sekunde na upepo unavuma mita 8 kwa sekunde. Ikiondoka ikisukumwa na upepo, inasafiri mita 18 kwa sekunde na kufika umbali wa mita 600 kwa sekunde 33 hivi. Ikigeuka kuukabili upepo inabaki na mita 2 kwa sekunde, na umbali huo huo unaichukua dakika 5 nzima huku mota zikifanya kazi kwa nguvu. Rubani aliyeona kwamba kwenda kumekula betri kidogo tu hushangaa droni ikizama kabla ya kufika. Dalili ya tatizo huonekana kwenye skrini: kasi ya chombo inashuka huku kijiti cha rimoti kimesukumwa hadi mwisho. Kwa sababu hiyo droni hupelekwa kwanza upande upepo unakotoka, na safari ya kurudi huanza betri ikiwa bado na asilimia 30 au zaidi.

### Urefu na kurudi nyumbani

Urefu unaoonyeshwa kwenye skrini hupimwa kutoka mahali droni iliporushwa, si kutoka ardhi iliyo chini yake. Ikirushwa kutoka paa la mita 12, namba 115 kwenye skrini ni mita 127 juu ya barabara, yaani kikomo kimeshavukwa.

Mawasiliano yakikatika, droni nyingi hujirudisha zenyewe: hupanda hadi urefu uliowekwa, kisha husafiri moja kwa moja hadi mahali iliporushwa. Urefu huo huwekwa juu kuliko mnazi mrefu au mnara wa simu ulio karibu. Anayerusha kutoka kwenye boti hukutana na tatizo jingine. Mahali pa kurudi palipohifadhiwa ni pale boti ilipokuwa wakati wa kurusha. Boti ikisogea, droni itarudi na kutua baharini. Zaidi ya hayo, vihisi vya chini ya droni hutegemea kuona sura ya ardhi, na maji yanayomeremeta na kusogea huvichanganya, hivyo droni inaweza kuyumba au kushuka ikiwa karibu na uso wa bahari. Kurusha kutoka ufukwe imara ni salama zaidi.

Sehemu ya kurushia isiwe na mabati wala zege lenye nondo, kwa kuwa chuma hupotosha dira ya chombo. Rubani huiona droni kwa macho yake muda wote, na msaidizi mmoja husimama naye kuangalia ndege, ndege wa angani, watoto na punda. Punda aliyeshtuka na mzigo katika kichochoro ni hatari kwa watu waliomo humo.

## Shoti za msingi

Shoti nyingi za droni ni mchanganyiko wa miendo michache. Ubora wake hutegemea mwendo wa polepole usiobadilika. Kasi ya mita 2 hadi 4 kwa sekunde hutosha kwa shoti za chini, kwa sababu kadiri kamera ilivyo karibu na kitu ndivyo mwendo unavyoonekana wa haraka. Mpigaji huanza kurekodi sekunde 5 kabla ya mwendo na kuacha sekunde 5 baada yake, ili mhariri apate mahali pa kukata. Kwa fremu 25 kwa sekunde, shata huwekwa 1/50, na jua likiwa kali lenzi hufunikwa kichujio cheusi kinachopunguza mwanga.

* Shoti ya utangulizi huonyesha mahali pote kwa mbali, mara nyingi droni ikiwa imesimama. Humweleza mtazamaji tukio linatokea wapi.
* Shoti ya kusogea huenda mbele kuelekea kitu kimoja, na kumwambia mtazamaji kitu hicho ndicho cha kutazama.
* Shoti ya kufichua huanza na kitu kinachoziba mandhari, kama tanga au ukuta. Droni hupanda au kurudi nyuma hadi mandhari yaonekane. Kurudi nyuma ni hatari kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kamera haioni kinachogongwa. Njia hukaguliwa kwanza kwa kuruka ikielekea mbele.
* Shoti ya kufuata huenda sambamba na kitu kinachotembea, kwa kasi yake.
* Shoti ya kuzunguka hulizunguka jambo huku kamera ikilitazama. Mzunguko kamili wenye nusu kipenyo cha mita 25 una urefu wa mita 157 hivi. Kwa mita 3 kwa sekunde huchukua sekunde 52, na nusu yake kwa kawaida inatosha. Ni lazima duara zima liwe tupu, pamoja na upande ambao droni haionekani kwenye picha.
* Shoti ya wima hutazama chini moja kwa moja. Huonyesha maumbo na vivuli, lakini ndiyo inayoingia zaidi katika nyua za watu.

## Mfano: mashua mbele ya mji

Tuseme wanafunzi watatu wanataka video ya dakika moja kuhusu mashua na mji wa Lamu. Wazo lao la kwanza ni shoti ya wima juu ya mapaa na shoti ya kuzunguka msikiti. Zote mbili zinaanguka kwenye sharti la mita 50, na ya kwanza inaonyesha viwanda vya nyumba. Wanaamua kwamba mhusika ni mashua, na mji ubaki nyuma yake.

Wanaomba vibali KCAA na kwa wasimamizi wa eneo la urithi, wakitaja mahali, urefu na muda. Tuseme wanaruhusiwa kuruka saa 12:45 hadi saa 1:45 asubuhi, kabla ya ndege kuanza kufika, bila kuzidi mita 40. Saa hizo zinawafaa pia kwa mwanga: mji unatazama mashariki, hivyo jua la asubuhi linapiga kuta za mbele, ilhali alasiri zingekuwa gizani. Nahodha na baharia wake wanakubali kupigwa picha, na kwa kukubali huko wanakuwa sehemu ya kazi.

Droni inarushwa ufukweni wakati wa maji kupwa, mahali pakavu palipo wazi. Shoti ya kwanza ni ya utangulizi: droni imesimama mita 25 juu ya maji, mashua ikiwa ndogo mbele na mji kwa mbali nyuma. Ya pili ni ya kufuata, mita 20 kando ya mashua na mita 8 juu, kwa kasi ya mita 2.5 kwa sekunde. Ya tatu ni ya kufichua: kamera inaanza ikiwa imejaa tanga, kisha inapanda taratibu hadi mita 35, na kikomo hicho kinazuia nyua zisionekane. Ya nne ni shoti ya wima waliyoitaka tangu mwanzo, lakini sasa iko juu ya mashua yenyewe. Kivuli cha tanga kinaonekana kwenye maji mafupi, na hakuna nyumba ndani ya fremu.

Katikati ya shoti ya tatu msaidizi anasikia ndege ndogo ambayo haikuwa kwenye ratiba. Rubani haendelei kumaliza shoti. Anaishusha droni mara moja na kuirudisha ufukweni, na shoti inarudiwa baada ya ndege kutua.

Jioni video inakaguliwa fremu kwa fremu kwenye skrini kubwa, kwa sababu skrini ya rimoti huficha mambo madogo. Katika shoti ya utangulizi anaonekana mtu akioga kwenye ngazi za ufukweni. Sehemu hiyo inakatwa, na faili la awali linafutwa badala ya kuhifadhiwa kwenye kadi. Nahodha anaonyeshwa video kabla haijatangazwa.